Namba Elea, Desimali au Jiometri: Uchaguzi wa Safuwima ya Kuhifadhia Viwianishi katika Rejesta za Ardhi Karibu na Ikweta

Ikisiri

Makala haya yanaeleza tofauti kati ya aina tatu za safuwima zinazotumika kuhifadhi viwianishi katika hifadhidata: namba elea, desimali na jiometri asilia. Hoja kuu ni kwamba kila aina hutunza kitu tofauti. Namba elea hutunza thamani kwa ukadirio, na kiasi cha ukadirio huo hutegemea mahali penyewe duniani. Desimali hutunza tarakimu kama zilivyoandikwa. Jiometri hutunza mahali pamoja na mfumo rejea wake. Mifano imetolewa katika eneo la Kampala na Masaka, ambako ikweta, longitudo ya 32 na mifumo miwili ya upimaji hukutana kwa namna inayofanya uchaguzi huu uwe na matokeo yanayopimika kwa futi.

1.0 Utangulizi

Rejesta ya viwanja, orodha ya vituo vya afya na kumbukumbu ya visima vya maji zina jambo moja linalofanana: katika kila safumlalo kuna namba mbili zinazodai kueleza mahali. Mara nyingi aina ya safuwima zinazobeba namba hizo huchaguliwa katika siku ya kwanza ya mradi na mtu anayeshughulikia mambo mengine mengi. Baada ya hapo haiguswi tena, kwa sababu ramani inaonekana vizuri na alama ziko karibu na zinapopaswa kuwa.

Neno "karibu" ndilo linalotuhusu. Kwa kisima cha kijiji kilichopimwa kwa simu, ambayo yenyewe hukosea kwa mita kadhaa, upungufu wa sentimita ishirini hauna maana yoyote. Kwa bikoni ya kiwanja cha futi 50 kwa 100, sentimita ishirini ni ukuta wa jirani. Anayeshauri kuhusu sera ya rejesta hana budi kujua upungufu unatoka wapi, kwa sababu aina moja ya upungufu hurekebishika na nyingine hairekebishiki.

Katika makala haya neno "hatua" litatumika kumaanisha umbali kati ya thamani moja inayoweza kuhifadhiwa na thamani inayoifuata. Kitu kilichopo katikati ya thamani hizo mbili hakiwezi kuandikwa. Husukumwa hadi ile iliyo karibu zaidi.

2.0 Namba elea na mahali inapopoteza

Namba elea ya biti 32 ina usahihi wa biti 24 kwa tarakimu zenye maana. Kwa hiyo hatua yake haiko sawa kila mahali: huongezeka maradufu kila namba inapovuka kipeo cha 2, yaani 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64 na kuendelea. Katika sehemu nyingi za dunia jambo hili ni la nadharia. Katika eneo letu linaonekana ardhini, kwa sababu longitudo ya 32 hupita katikati ya Uganda. Masaka iko magharibi yake na Kampala iko mashariki.

Kati ya 16 na 32 hatua ni 2⁻¹⁹ ya nyuzi, ambayo karibu na ikweta ni takriban sentimita 21. Kati ya 32 na 64 hatua ni 2⁻¹⁸, yaani takriban sentimita 42. Rwanda na Burundi zote ziko upande wa kwanza na Kenya yote iko upande wa pili. Uganda na Tanzania zimegawanyika, kwa hiyo hifadhidata moja ya taifa moja, yenye safuwima moja na programu moja, ina ukadirio wa aina mbili bila mtu yeyote kuamua hivyo.

Latitudo ina habari nyingine kabisa. Kampala iko takriban nyuzi 0.31 kaskazini mwa ikweta. Kwa namba iliyo kati ya 0.25 na 0.5, hatua ya biti 32 ni 2⁻²⁵ ya nyuzi, sawa na milimita 3 hivi. Maana yake ni kwamba bikoni ileile ya Kampala huhifadhiwa kwa milimita katika mwelekeo wa kaskazini na kusini, na kwa nusu mita katika mwelekeo wa mashariki na magharibi. Uwiano wa hatua hizo mbili kwa nyuzi ni 1 kwa 128. Mkaguzi akilinganisha latitudo pekee ataridhika kabisa.

Tuchukue mfano wa bikoni mbili zenye longitudo 32.5825000 na 32.5825020. Ardhini zimeachana kwa sentimita 22. Tukizidisha kila moja kwa 262,144, ambayo ni 2¹⁸, tunapata 8,541,306.88 na 8,541,307.40. Zote mbili hukaribia namba kamili moja, 8,541,307, kwa hiyo zote mbili huhifadhiwa kama 32.58250046. Hazikukaribiana tu, zimekuwa kitu kimoja, na hakuna hesabu itakayozitenganisha tena. Kila bikoni inaweza kusogea hadi sentimita 21, na zile za pande mbili za kiwanja zinaweza kusogea kwa kupingana. Katika hali mbaya kabisa upana wa mita 15 hubadilika kwa sentimita 42. Kwa urefu wa mita 30 hiyo ni mita za mraba karibu 13, ambazo zinatosha kwa banda la duka.

Hali huwa mbaya zaidi pale wapimaji wanapohifadhi mita badala ya nyuzi, jambo ambalo ni la kawaida katika kazi za viwanja. Katika mfumo wa makadirio wa UTM, umbali wa kaskazini kwa maeneo yaliyo kaskazini mwa ikweta huanzia sifuri, ilhali kwa maeneo ya kusini huongezewa mita 10,000,000 ili namba zisiwe hasi. Kampala, kwa kanda ya kaskazini, iko takriban mita 34,700 kutoka ikweta, na kwa namba ya ukubwa huo hatua ya biti 32 ni milimita 4. Masaka, ikiandikwa kwa kanda ya kusini, ina namba inayozidi 9,960,000. Kati ya 8,388,608 na 16,777,216, hatua ya biti 32 ni mita 1 kamili. Sehemu ya desimali ya vipimo vyote vya Masaka hufutika wakati wa kuandikwa, na vivyo hivyo kwa Mwanza, Kigali, Bujumbura na Tanzania nzima. Mpimaji aliyesoma 9,963,412.37 atarudishiwa 9,963,412. Namba hiyo ni safi na inavutia, na pengine usafi huo ndio sababu watu huchelewa kuishuku.

Namba elea ya biti 64 haina tatizo hili. Biti zake 53 huipa hatua iliyo chini ya nanomita moja kwenye longitudo ya Kampala. Kwa hiyo mtu asiseme kwa jumla kwamba namba elea haifai kwa viwianishi; asiyefaa ni huyu wa biti 32. Shida ni kwamba jina halitoi taarifa. Katika MySQL, FLOAT ni ya biti 32. Katika PostgreSQL, float bila nyongeza ni ya biti 64, na ile ya biti 32 huitwa real. Katika SQL Server, float bila nyongeza ni ya biti 64 vilevile. Waraka wa kiufundi unaosema tu kwamba viwianishi vihifadhiwe kama float umeacha suala lote wazi, na taasisi mbili zinazoufuata kwa uaminifu zitapata matokeo mawili tofauti.

MySQL ina mitego miwili zaidi. Safuwima ya FLOAT huonyesha takriban tarakimu sita zenye maana, hivyo 32.5825019 husomeka 32.5825 kwenye skrini na katika faili inayotolewa. Nafasi nne za desimali ni mita 11. Mtego wa pili ni FLOAT(10,6), tamko lililosambaa sana kupitia somo la Google la kutengeneza kitafutaji cha maduka, ambalo wanafunzi wengi wa programu walilinakili. Tamko hilo huonekana kama linaahidi nafasi sita za desimali. Kwa kweli hifadhi inabaki ileile ya biti 32, na kinachobadilika ni namna namba inavyokatwa na kuonyeshwa. Ukiingiza 32.582502 utarudishiwa 32.582500. Tangu toleo la 8.0.17 MySQL yenyewe inaonya kwamba tamko hili litaondolewa.

3.0 Kutambua upotevu uliokwisha kutokea

Swali linaloulizwa mara nyingi na wanaorithi hifadhidata ya zamani ni hili: safuwima sasa ni ya biti 64, lakini je, data haikuwahi kupitia biti 32 hapo awali? Jibu hupatikana bila kwenda uwandani. Thamani iliyopita katika biti 32 hubaki na alama yake, kwa kuwa inaweza kurudishwa kwenye biti 32 bila kubadilika hata kidogo, ilhali thamani halisi ya tarakimu saba kwa kawaida haiwezi. Katika PostgreSQL:

```sql
SELECT count(*) AS zote,
       count(*) FILTER (WHERE lon = lon::real::float8) AS zilizopita
FROM bikoni;
```

Idadi hizo mbili zikilingana, au zikikaribiana sana, safuwima nzima ilipita huko. Idadi ya pili ikiwa ndogo mno, ni namba chache tu kama 32.5 ambazo kwa bahati huandikika kikamilifu katika mifumo yote miwili. Dalili ya macho ni mkia mrefu: aliyeingiza 32.5825 ataona 32.58250045776367. Mkia huo si usahihi wa ziada. Ni umbo la kosa lenyewe, na aghalabu msomaji asiyejua huuheshimu kuliko namba fupi.

Kama data ilipita biti 32 kisha ikawekwa katika desimali ya tarakimu saba, ulizo hilo halitafaulu kwa sababu mkia umekatwa. Hapo zidisha kila longitudo ya mashariki ya 32 kwa 262,144 na utazame sehemu ya desimali ya jibu. Data halisi hutawanyika popote kati ya 0 na 1. Data iliyopita biti 32 hujikusanya yote karibu na namba kamili, kwa tofauti isiyozidi 0.014. Nimeona kipimo hiki kikimaliza mjadala ambao ungegharimu safari za uwandani. Lakini kinaonyesha tu kwamba upotevu upo. Kilichopotea kitapatikana katika daftari la mpimaji, kama daftari bado lipo.

4.0 Desimali kama ushahidi

Desimali huhifadhi tarakimu za kumi kwa kumi, hivyo 32.5825020 hubaki 32.5825020 milele. Nafasi sita za desimali hutoa hatua ya sentimita 11 karibu na ikweta, na nafasi saba hutoa sentimita 1.1. Kwa kazi ya viwanja, DECIMAL(10,7) kwa longitudo inatosha, na ni vema kuepuka DECIMAL(9,7), ambayo ina nafasi mbili tu kabla ya nukta. Hiyo itafanya kazi vizuri Afrika Mashariki yote na itakataa longitudo ya 139 siku taasisi itakapoongeza ofisi ya ubalozi Tokyo.

Sifa kuu ya desimali ni ya kisheria zaidi kuliko ya kihesabu. Hati ya kiwanja imeandikwa tarakimu, na rejesta ikirudisha tarakimu hizohizo, hakuna wakili atakayeuliza kwa nini hati inasema moja na kompyuta inasema nyingine. Ulinganisho wa usawa pia ni wa uhakika: bikoni inayotumiwa na viwanja viwili inaweza kutambuliwa kwa kulinganisha namba moja kwa moja.

Hata hivyo desimali ina udanganyifu wake. Safuwima yenye nafasi saba hujaza sifuri. Kituo cha afya kilichosomwa kwenye ramani ya ukutani kama 0.3 na 32.6 kitaonekana 0.3000000 na 32.6000000, kana kwamba mtu alisimama pale na chombo cha kupimia viwanja. Katika PostgreSQL aina ya numeric isiyowekewa idadi ya nafasi hutunza idadi ya tarakimu kama zilivyoletwa, hivyo 32.60 hubaki tofauti kwa maandishi na 32.6. Hilo husaidia kidogo. Lakini njia ya kweli ni safuwima nyingine inayosema kipimo kilichukuliwa kwa chombo gani na kwa shaka ya mita ngapi. Sijaona aina ya namba inayoweza kubeba taarifa hiyo kwa niaba yake.

Upungufu wa pili unahusu maulizo. Ukitaka vituo vilivyo ndani ya kilomita 5 kutoka mahali fulani, desimali mbili haziwezi kujibu zenyewe. Mara nyingi mtunga programu hutumia kanuni ya Pythagoras moja kwa moja kwenye nyuzi. Kwetu hesabu hiyo husamehewa: karibu na ikweta nyuzi moja ya longitudo ni kilomita 111.3 na ya latitudo ni 110.6, tofauti isiyofika asilimia 1. Programu iliyotungwa na kujaribiwa Kampala itafaulu majaribio yote. Ikipelekwa Cairo, ambako nyuzi ya longitudo hupungua hadi takriban kilomita 96, itaanza kukosea bila onyo. Zaidi ya hayo, faharasa ya kawaida juu ya latitudo na longitudo hupunguza utafutaji kwa mwelekeo mmoja tu. Huchagua ukanda mzima wa latitudo kutoka magharibi hadi mashariki mwa nchi, kisha huchambua safumlalo moja moja ndani yake.

5.0 Jiometri na suala la mfumo rejea

Watu wengi huhamia kwenye jiometri wakidhani inaongeza usahihi wa tarakimu. Haiongezi. Nukta katika PostGIS au MySQL ni namba elea mbili za biti 64, zilezile tulizozitaja. Kinachoongezwa ni vitu viwili: faharasa inayojua pande mbili kwa pamoja, na namba ya utambulisho wa mfumo rejea, SRID.

Kuhusu faharasa, inafurahisha kwamba PostGIS hutumia namba elea za biti 32 ndani ya faharasa yake. Mipaka ya kila kisanduku husukumwa nje kidogo ili kitu chochote kisiachwe, kisha wagombea waliopatikana huhakikiwa kwa thamani kamili. Biti 32 zinafaa pale mtu anapojua zinapoteza nini na akaweka hatua ya pili ya kuhakiki.

SRID ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko yote yaliyotangulia. Ramani za zamani za Kenya, Uganda na Tanzania, na vipimo vingi vya viwanja vilivyotokana nazo, zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960. Vipokezi vya setilaiti na simu hutoa WGS 84. Kwa vigezo vya jumla vya kubadili Arc 1960 kuwa WGS 84, kitovu husogezwa mita -160, -6 na -302 katika mihimili mitatu. Ukikokotoa athari yake Kampala, namba za Arc 1960 zikichukuliwa kimakosa kuwa za WGS 84 huweka mahali karibu mita 300 kaskazini na karibu mita 80 magharibi mwa pale palipo kweli. Linganisha na sentimita 21 za namba elea. Tumetumia kurasa kadhaa kujadili sentimita, na safuwima mbili za desimali zilizo kamilifu zinaweza kubeba kosa la mita 300 bila alama yoyote, kwa kuwa 0.3136 ya mfumo mmoja na 0.3136 ya mfumo mwingine huandikwa sawasawa.

Kosa hili ni la hatari hasa kwa sababu halifanani na kosa. Kiwanja kinabaki na umbo lake, eneo lake na majirani zake. Mtaa wote umehama pamoja. Hugundulika pale tu data ya vyanzo viwili inapowekwa juu ya picha moja ya setilaiti na nyumba za chanzo kimoja zikaonekana zote zimesogea kwa kiasi kilekile na mwelekeo uleule. Kusogea kwa nasibu ni kosa la kipimo. Kusogea kwa pamoja ni mfumo rejea.

Suala hili hufika hadi mipakani. Mpaka wa Uganda na Tanzania hufuata latitudo ya 1 kusini katika Ziwa Viktoria. Mtu anayeandika -1.0000000 katika safuwima ya desimali ameandika tarakimu kamili, lakini mstari huo katika Arc 1960 na mstari huo katika WGS 84 vimeachana kwa takriban mita 300 za maji. Kwa mvuvi na kwa askari wa doria, hilo ni swali la nani yuko kwa nani.

Safuwima ya jiometri iliyotamkwa pamoja na SRID hukataa kuingiza nukta yenye SRID tofauti. Hiyo ni kinga ya kweli, ila inazungukwa kwa urahisi na amri moja. Wengi wanaokutana na ujumbe wa kukataliwa huutatua hivi:

```sql
-- lebo hubadilishwa, namba hubaki
ST_SetSRID(mahali, 4326)

-- namba hukokotolewa upya
ST_Transform(ST_SetSRID(mahali, 4210), 4326)
```

Mstari wa kwanza hunyamazisha ujumbe na kuliingiza kosa la mita 300 rasmi katika rejesta. Wa pili hutangaza kwanza kwamba namba ni za Arc 1960, kwa nyuzi, kisha huzibadili. Hata huo una mpaka wake: vigezo vya jumla ni wastani wa eneo kubwa na vina shaka ya makumi ya mita. Vinatosha kuweka kituo cha afya katika kijiji chake. Kwa bikoni havitoshi; hapo yahitajika vigezo vilivyokokotolewa kwa nukta za udhibiti za eneo husika, zilizopimwa katika mifumo yote miwili.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni mpangilio wa namba mbili. PostGIS hutanguliza longitudo. MySQL kuanzia toleo la 8.0, kwa SRID 4326, husoma maandishi yenye latitudo kwanza. Viwianishi vya Kampala vikigeuzwa, hakuna kikomo kinachovunjwa, kwa sababu 32.58 ni latitudo halali na 0.31 ni longitudo halali. Kampala huangukia jangwani Algeria. Kigali nayo, ikigeuzwa, huangukia Algeria hiyohiyo, kusini-magharibi zaidi. Nchi za mbali na ikweta zenye longitudo inayozidi 90 hulindwa na hesabu yenyewe. Sisi hatulindwi, hivyo inatubidi tuweke vikomo kwa mkono.

6.0 Mpangilio unaopendekezwa kwa rejesta

Kwa orodha ya kawaida ya vituo, safuwima moja ya jiometri inatosha. Kwa rejesta inayoweza kufikishwa mahakamani, mwandishi anaona inafaa kutunza vyote viwili: tarakimu za desimali kama ushahidi, na jiometri inayozalishwa kutokana nazo kwa ajili ya maulizo. Kuanzia PostgreSQL 12 hifadhidata yenyewe inaweza kuzalisha ya pili, hivyo mbili hizo haziwezi kutofautiana:

```sql
CREATE TABLE bikoni (
  id     bigint PRIMARY KEY,
  lat    numeric(9,7)  NOT NULL CHECK (lat BETWEEN -12 AND 6),
  lon    numeric(10,7) NOT NULL CHECK (lon BETWEEN 28 AND 42),
  shaka_m numeric(6,2) NOT NULL,
  mahali geometry(Point, 4326) GENERATED ALWAYS AS
    (ST_SetSRID(ST_MakePoint(lon::float8, lat::float8), 4326)) STORED
);
CREATE INDEX ON bikoni USING gist (mahali);
```

Vikomo vya longitudo vina kazi mbili. Vinakataa viwianishi vilivyogeuzwa, na vinakataa sifuri iliyoingizwa pale kipimo kilipokosekana. Kikomo kama hicho hakiwezi kuwekwa kwa latitudo: baadhi ya mifumo huhesabu latitudo 0 kuwa ni data iliyokosekana na kuifuta, jambo ambalo huku kwetu hufuta maeneo halali yaliyo juu ya ikweta. Kwa hiyo upungufu utafutwe katika longitudo.

Gharama ya nafasi haifai kuwa sababu ya kuukataa mpangilio huu. Katika MySQL, jozi ya FLOAT huchukua baiti 8, jozi ya DECIMAL(10,7) baiti 12, na nukta ya jiometri baiti 25. Kwa bikoni milioni moja, tofauti kati ya iliyo ndogo kabisa na iliyo kubwa kabisa ni megabaiti 17. Gharama halisi iko kwingine: mpangilio huu hauwezekani bila mtu anayejua kuendesha PostGIS, na jiometri inayozalishwa haitumiki kulinganisha usawa baada ya kubadili mfumo rejea, kwa kuwa kwenda na kurudi huacha tofauti ndogo mwishoni mwa tarakimu. Ulinganisho wa bikoni ufanywe kwa desimali, au kwa ST_DWithin yenye kiasi cha uvumilivu kilichotajwa. Katika ST_DWithin ikumbukwe kwamba jiometri ya SRID 4326 hupima kwa nyuzi. Anayeandika 5000 akidhani ni mita ameomba dunia nzima, na dunia nzima ataletewa. Aina ya geography ndiyo inayopokea mita.

Vipimo vya zamani vya Arc 1960 visiingizwe katika safuwima hizi hata baada ya kubadilishwa. Vitunzwe katika jedwali lao, kwa mita kama zilivyo kwenye daftari, katika desimali yenye nafasi mbili au tatu, na SRID yao, kwa UTM kanda ya 36, ikiwa 21096 kwa kaskazini mwa ikweta au 21036 kwa kusini. Nukta ya WGS 84 iliyokokotolewa kutokana nazo ikae pembeni, pamoja na jina la vigezo vilivyotumika. Siku nukta za udhibiti za wilaya zitakapopimwa upya, safuwima ya pembeni itakokotolewa tena kwa amri moja, na tarakimu za mpimaji hazitaguswa.

Kinachobaki wazi ni safari ya data kutoka ofisi moja hadi nyingine. Faili ya majedwali ya kawaida hubeba namba na kuacha SRID nyuma, hivyo kazi yote ya jiometri hufutika wakati wa kutuma. GeoJSON, kwa kiwango chake cha mwaka 2016, RFC 7946, hukubali WGS 84 pekee na hutanguliza longitudo. Hiyo huondoa utata kwa nukta za setilaiti, lakini haina mahali pa Arc 1960. Kwa hizo, makubaliano ya kubadilishana data kati ya nchi jirani hayana budi kudai safuwima mbili za ziada katika kila faili: namba ya SRID, na shaka ya kipimo kwa mita.